Stetimenti za wauzaji: jinsi ya kuzitumia kukagua kama madeni ya biashara yamekamilika na ni sahihi

Kampuni nyingi za utalii za Arusha hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba, katikati kabisa ya msimu wa Krismasi na mwaka mpya. Ofisi iko mjini, kambi ziko Serengeti, na malori ya bidhaa hupanda kila baada ya siku chache. Karatasi za kupokelea mali hurudi mjini na gari lolote linaloshuka, pengine baada ya wiki mbili. Siku leja inapofungwa, kuna vinywaji vilivyokwisha kunywewa na wageni ambavyo ofisi ya Arusha haijaviandika popote. Madeni hupungua kwenye vitabu bila mtu yeyote kukusudia. Stetimenti ya muuzaji, yaani orodha yake ya ankara, malipo na salio analodai, humfaa mkaguzi hapo, kwa kuwa imeandikwa na mtu asiye na sababu ya kusahau anachodai.

Lakini stetimenti yenyewe ikiwa kwenye faili haithibitishi kitu. Wala usuluhisho, yaani jedwali linaloeleza tofauti kati ya salio la leja na salio la stetimenti, hauthibitishi kitu kwa kuishia na tofauti ya sifuri. Ushahidi unapatikana kwenye mistari iliyo kati ya salio la leja na salio la stetimenti, na kila mstari ni dai linalotakiwa kuthibitishwa kwa karatasi yake. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, na unamchukua muuzaji mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Takwimu zake ni za mfano, ila aina ya makosa ndiyo inayokutana na wakaguzi kila Februari.

Hatua ya kwanza: chagua wauzaji kwa manunuzi ya mwaka mzima

Kosa la kwanza hufanyika kabla stetimenti haijafunguliwa. Mkaguzi anapewa orodha ya wadai ya 31 Desemba, anachagua masalio kumi makubwa, anaomba stetimenti zake. Utaratibu huo unafaa kama unaogopa deni limeandikwa kubwa kuliko lilivyo. Hapa hofu ni ya upande wa pili: deni ambalo halikuandikwa, au limeandikwa dogo. Deni la namna hiyo haliwezi kuwa juu ya orodha. Muuzaji aliyeiuzia kampuni milioni 400 kwa mwaka, na leja inasema anadai sifuri, ndiye unayemtaka zaidi, na kwa njia ya masalio hutamwona.

Kwa hiyo omba leja ya wadai ya miezi yote 12 ikiwa kwenye Ekseli, ujumlishe ankara za kila muuzaji. Kama jina la muuzaji liko safu ya B ya karatasi iitwayo Leja, kiasi cha ankara kiko safu ya E, na kwenye karatasi yako mpya umeandika jina la muuzaji kwenye A2, fomula ni hii:

```
=SUMIFS(Leja!E:E, Leja!B:B, A2)
```

Panga kuanzia manunuzi makubwa kushuka chini. Halafu ongeza makundi mawili kwa macho yako mwenyewe: wauzaji wenye salio la sifuri au salio lililogeuka, yaani kampuni inaonekana kuwadai wao, na wauzaji waliokuwa wakubwa mwaka jana lakini mwaka huu hawaonekani. Salio lililogeuka mara nyingi ni malipo yaliyoandikwa huku ankara yake ikiwa bado haijaingizwa.

Hata hivyo, orodha hii nayo inatoka kwenye leja ya mteja. Muuzaji ambaye hajaingizwa kabisa hatakuwemo. Pitia kitabu cha stoo cha kambi, uangalie majina ya waliopeleka mzigo wiki mbili za mwisho za Desemba, na ulinganishe na majina uliyonayo. Kazi hii haimalizi saa moja.

Hatua ya pili: stetimenti isipitie mkononi mwa mteja

Stetimenti ambayo mhasibu wa mteja amekutolea kwenye faili lake imetoka nje ya kampuni, ndiyo, lakini imekaa ndani. ISA 500, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu ushahidi, inataka upime kama taarifa inafaa na inaaminika, na ushahidi unaotoka kwa mtu huru wa nje, tena kwa hati halisi, una uzito kuliko nakala. Ukitaka jibu liwe uthibitisho wa nje kwa maana ya ISA 505, ni lazima lije kwako moja kwa moja kwa maandishi.

Anwani ya muuzaji uitafute mwenyewe: kwenye ankara ya zamani iliyo kwenye faili lako la mwaka jana, kwenye risiti ya EFD, au kwa kupiga simu dukani. Usiandike barua kwenye anwani uliyopewa na mteja peke yake. Barua isainiwe na mteja kumruhusu muuzaji ajibu, lakini uitume wewe. Maneno yake yawe mafupi:

> Ndugu Mhasibu, tunakagua hesabu za mteja wenu aliyetajwa hapo juu. Tunaomba mtutumie sisi moja kwa moja, kwa anwani iliyo kwenye barua hii, stetimenti yake inayoonyesha kila ankara, kila malipo na kila krediti noti kuanzia 1 Desemba 2024 hadi 31 Januari 2025, pamoja na salio lilivyokuwa mwisho wa siku ya 31 Desemba 2024. Mteja wenu ametia saini hapa chini kuridhia ombi hili. Tunashukuru kwa ushirikiano wenu.

Kuna mambo mawili kwenye barua hiyo. Salio la leja ya mteja halikutajwa. Ukimwandikia muuzaji kwamba kampuni inakiri deni la milioni 38, karani mwenye haraka atagonga muhuri wa kukubali bila kufungua kitabu. Pili, kipindi kimevuka mwaka hadi Januari. Mwezi huo wa ziada utakuonyesha siku muuzaji alipopokea malipo ya mwisho wa mwaka, na krediti noti alizotoa baadaye kwa bidhaa za Desemba. Bila Januari utabaki unarudi kwa mteja kuuliza kila kitu.

Hatua ya tatu: ipime stetimenti kabla ya kuilinganisha

Anza na hesabu yake ya ndani: salio la kuanzia, jumlisha ankara, toa malipo na krediti noti, upate salio la mwisho. Isipotoka sawa, kuna mstari umefutwa au kurasa hazijakamilika. Linganisha salio la kuanzia la 1 Desemba na salio la mwisho la stetimenti ya Novemba iliyo kwa mteja. Kisha tazama salio linalotembea pembeni. Mtu akifuta ankara moja kwenye nakala, mara nyingi husahau kurekebisha salio la mistari inayofuata.

Namba za ankara zikiruka usishtuke, maana muuzaji ana wateja wengine. Namba zikifuatana bila kuruka hata moja kwa mwezi mzima, hapo ndipo ushtuke: ina maana muuzaji huyo hana mteja mwingine, na inafaa uulize ana uhusiano gani na wakurugenzi.

Hatua ya nne: mistari ya katikati

Muuzaji wetu ni wa jumla, bohari lake liko eneo la Unga Limited mjini Arusha, anauza vinywaji na vifaa vya usafi. Mhasibu wa kampuni alikwisha kuandaa usuluhisho wake, akaukabidhi ukiwa safi:

| Maelezo ya mhasibu | Shilingi |
|---|---|
| Salio la leja, 31 Desemba 2024 | 38,640,000 |
| Malipo ambayo muuzaji hajayaandika | 12,000,000 |
| Ankara 4417, haijafika ofisini | 9,912,000 |
| Ankara 4431, mali njiani | 6,490,000 |
| Tofauti za bei na marejesho | 1,270,000 |
| Salio la stetimenti | 68,312,000 |

Jumla imetoka sawa. Wengi huishia hapo, wanaweka alama ya vema na kuandika kwamba hakuna tofauti isiyoelezwa. Tuichukue mistari mmoja mmoja.

*Malipo ya 12,000,000.* Leja inasema yalilipwa 31 Desemba kwa benki, stetimenti inasema yalipokewa 2 Januari. Siku ya kati ni sikukuu, kwa hiyo inawezekana kabisa. Chukua stetimenti ya benki ya kampuni uone siku fedha zilipotoka. Kama zilitoka 31 Desemba, au 2 Januari na zimo kwenye usuluhisho wa benki, hii ni tofauti ya muda tu na leja iko sawa. Zingetoka tarehe 19 Januari maana ingekuwa nyingine: malipo yamerudishwa nyuma kwa tarehe ili madeni yaonekane madogo, na ungelazimika kurudisha deni na fedha ya benki vyote viwili. Hapa benki inaonyesha 31 Desemba. Mstari huu umethibitika.

*Ankara 4417.* Hiki ndicho kiini. Mhasibu anasema haijafika, na anadhani kwa kusema hivyo amejibu. Lakini deni halizaliwi na ankara kufika mezani, linazaliwa na mali kupokewa. Swali lako ni moja: mzigo ulipokewa lini? Hati ya mzigo imesainiwa na mtunza stoo wa kambi 29 Desemba, ila hati ya kupokelea mali ilifika Arusha 11 Januari. Saini ya stoo ni ya mfanyakazi wa mteja, basi tafuta karatasi ya mtu wa tatu. Lori linalopanda Serengeti kutoka Arusha kwa njia ya Karatu hupita lango la Loduare la Ngorongoro, kisha lango la Naabi, na vibali vya kuingia vina tarehe. Kibali cha 29 Desemba chenye namba ya lori ileile iliyo kwenye hati ya mzigo ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote ya ofisini. Risiti ya EFD unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, lakini kumbuka inakuambia mauzo yalirekodiwa lini, haikuambii mali ilishuka lini.

Kabla ya kupendekeza marekebisho, fungua akaunti ya mali iliyopokewa bila ankara, kama kampuni inayo. Huenda 8,400,000 ya mzigo huo, yaani bei yake kabla ya kodi, imekwisha kuandikwa humo kwa makadirio ya mwisho wa mwaka. Ukikurupuka utaandika deni lilelile mara mbili. Wakaguzi vijana huteleza sana hapa, na mhasibu wa mteja ndiye anayewagundua, jambo ambalo halipendezi. Katika mfano wetu haikuwemo. Marekebisho ni manunuzi 8,400,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 shilingi 1,512,000, na deni 9,912,000.

Faida nayo imeguswa, lakini kiasi gani kinategemea kuhesabu stoo. Kama karatasi za kuhesabia za kambi za 31 Desemba zilijumuisha kilichobaki cha mzigo huu, faida imezidi kwa 8,400,000 yote: kilichobaki kimo kwenye mali na kilichotumika hakimo kwenye gharama. Kama kilichobaki hakikuhesabiwa, faida imezidi kwa kile kilichotumika peke yake. Usimalize mstari huu bila kuziangalia karatasi hizo.

*Ankara 4431.* Tarehe ya ankara ni 31 Desemba, mali ilifika kambini 3 Januari. Mhasibu ameiita mali njiani, akaiacha kuwa deni la Januari. Kama lori ni la muuzaji na oda inasema mzigo ukabidhiwe kambini, yuko sahihi. Sasa igeuze hati ya mzigo uisome vizuri. Mahali pa kukabidhi pameandikwa bohari, Unga Limited. Chini, kwenye nafasi ya mpokeaji, amesaini dereva wa kampuni, 31 Desemba, na namba ya gari ni ya lori la kampuni lililo kwenye rejista yake ya mali. Tangu saini hiyo mzigo ulikuwa wa kampuni, ingawa ulikuwa bado barabarani usiku wa mwaka mpya. Deni la 6,490,000 ni la Desemba. Upande wa pili ni mali njiani 5,500,000 na kodi 990,000, na faida haiguswi kwa kuwa hakuna kilichotumika wala kilichohesabiwa. Maneno mawili, mali njiani, yaliweza kuficha deni kwa sababu hayakusema mali ilikuwa kwenye gari la nani.

*Tofauti za bei na marejesho, 1,270,000.* Mstari unaounganisha vitu viwili lazima ufumuliwe. Ukifumuliwa unatoa 90,000 na 1,180,000. Shilingi 90,000 inagawanyika kwa 9, na hiyo kwa kawaida ni dalili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ankara 4290 ya Novemba ni 3,540,000, leja ina 3,450,000. Ni kosa la usahihi, leja irekebishwe. Kiasi ni kidogo, lakini uliza kama ankara huingizwa kwa mkono bila mtu wa pili kuzipitia.

Ile 1,180,000 ni debiti noti ambayo kampuni ilimwandikia muuzaji kwa chupa zilizovunjika katika mizigo miwili. Debiti noti ni karatasi ya kampuni yenyewe, haimlazimishi muuzaji. Stetimenti ya Januari, ile uliyoiomba kwa makusudi, inaonyesha krediti noti ya 708,000 tu. Zilizobaki 472,000 muuzaji alikataa, kwa kuwa hati ya mzigo wa pili ilisainiwa bila kutaja uharibifu wowote. Kama mteja hana ushahidi wa kuzipinga, 472,000 zinarudi kuwa deni.

Sasa pande zote mbili zikutane:

| | Shilingi |
|---|---|
| Salio la leja | 38,640,000 |
| Ankara 4417 | 9,912,000 |
| Ankara 4431 | 6,490,000 |
| Ankara 4290, kosa la tarakimu | 90,000 |
| Debiti noti iliyokataliwa | 472,000 |
| Leja iliyorekebishwa | 55,604,000 |
| Salio la stetimenti | 68,312,000 |
| Malipo yaliyokuwa njiani | (12,000,000) |
| Krediti noti ya Januari | (708,000) |
| Stetimenti iliyorekebishwa | 55,604,000 |

Usuluhisho wa mhasibu ulikuwa na tofauti ya sifuri na deni lilikuwa pungufu kwa 16,964,000. Kumbuka muundo wa jedwali hili la pili: kila mstari umewekwa upande wa yule ambaye vitabu vyake vinapaswa kubadilika. Usuluhisho unaoshuka moja kwa moja kutoka salio moja hadi jingine haumlazimishi mtu kujibu ni nani amekosea, ndiyo maana mhasibu aliweza kuumaliza bila kurekebisha kitu.

Kwa wauzaji wa huduma, kama gereji au ulinzi, utakuta mstari mwingine wa kila mwezi: kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo kampuni imeikata na kuipeleka TRA lakini muuzaji hajaipunguza kwenye stetimenti kwa kuwa hajapata cheti. Omba cheti au ushahidi wa malipo. Kama kodi imekatwa na haijapelekwa, deni halijafutika, limehamia TRA.

Hatua ya tano: kosa lisibaki kwa muuzaji mmoja

Ankara 4417 haikupotea kwa sababu ya muuzaji wa Unga Limited. Ilipotea kwa sababu hati za kambini huchelewa kushuka, na uchelewaji huo unawagusa wauzaji wote wanaopeleka mzigo kambini. Kwa hiyo kuirekebisha hiyo moja na kuendelea hakutoshi. Chukua hati zote za kupokelea mali za kambi kuanzia 15 Desemba hadi 31 Desemba, kwa mfuatano wa namba zake, na uzifuate hadi kwenye leja. Namba iliyokosekana katikati iulizwe. Vivyo hivyo, orodhesha safari za malori ya kampuni za siku tatu za mwisho wa mwaka, uone kila lori lilibeba mzigo wa nani.

Makosa uliyoyapata yaingie kwenye orodha ya jumla inayotakiwa na ISA 450, hata yale madogo usipoyaona kuwa ni ya kupuuzika kabisa, na mteja aombwe kuyarekebisha. Kama uliwachagua wauzaji kwa sampuli, kadiria kosa kwa wale ambao hukuwagusa.

Wauzaji wasio na stetimenti

Mboga, matunda na mayai ya kambi hutoka soko la Kilombero na masoko mengine kwa watu wanaoandika kwenye daftari, wengine hawaandiki kabisa. Barua yako haitajibiwa, na kuwashikilia watoe stetimenti ni kupoteza muda. Geukia malipo ya baada ya mwaka. Chukua stetimenti ya benki na taarifa za malipo ya simu kuanzia 1 Januari hadi siku ya mwisho ya kazi yako, chagua malipo yote yaliyozidi kiwango ulichoweka, na kwa kila moja uliza mali ilipokewa lini. Malipo ya 6 Januari kwa mayai yaliyofika 27 Desemba ni deni la Desemba, na lazima uyaone kwenye orodha ya wadai ya 31 Desemba.

Njia hii ina mwisho wake. Inakamata yaliyolipwa tu. Deni la Desemba ambalo kampuni imeshindwa kulilipa hadi Machi halitaonekana hapo, na kampuni zenye uhaba wa fedha baada ya msimu ndizo zenye madeni ya aina hiyo. Kwa hao, rudi kwenye kitabu cha stoo cha kambi, chukua mzigo wa wiki ya mwisho mmoja mmoja, na mteja akuonyeshe kwa kila mzigo ankara, malipo, au deni lililoandikwa.